Moyo unaogopa, mfuko unaweza: mwoga mwenye mshahara na suala la hisa

Dada yangu ni muuguzi wa serikali, ana miaka 36. Miaka michache iliyopita alinunua hisa za benki moja, kidogo tu, na kabla mwaka haujaisha bei ikawa imeshuka kwa zaidi ya robo. Alivumilia wiki tatu, kisha akampigia dalali auze zote. "Kaka, mimi hisa siziwezi," aliniambia. "Nikiwa zamu ya usiku nawaza bei badala ya mgonjwa." Pesa iliyobaki aliirudisha kwenye akaunti ya akiba, na huko ndiko anakopeleka shilingi 200,000 kila mwezi hadi leo.

Shemeji yetu, mume wa dada mkubwa, anauza vitenge Kariakoo. Yeye bei ikishuka anacheka, anasema huo ndio wakati wa kuongeza. Kwenye familia tumezoea kusema shemeji ndiye mwekezaji na muuguzi ndiye mwoga. Kuhusu tabia zao, hilo ni kweli. Kuhusu nani kati yao anapaswa kuwa na hisa, naona tumekosea kabisa, na kosa lenyewe linatokana na kuchanganya vitu viwili.

Kitu cha kwanza ni uvumilivu wa hatari: unajisikiaje, na unafanya nini, bei inapoanguka. Hilo ni suala la moyo. Cha pili ni uwezo wa kubeba hatari: bei ikianguka kweli na kukaa chini miaka kadhaa, maisha yako yanaharibika kiasi gani? Hilo ni suala la mfuko, na mtu mwingine mwenye kalamu na karatasi anaweza kulijibu bila kukuuliza unajisikiaje. Fomu nyingi za mawakala wa uwekezaji huuliza zaidi la kwanza. Ungefanya nini hasara ikifika asilimia 20: ungeuza, ungesubiri, ungenunua zaidi? Mtu akijaza fomu hiyo soko likiwa limepanda anajiona simba. Rekodi ya alichofanya mara ya mwisho bei iliposhuka inasema ukweli zaidi, na kwa rekodi hiyo uvumilivu wa dada yangu ni mdogo. Sibishani nao.

Tutazame mfuko sasa. Mshahara wake ni kama shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na ana miaka 24 kabla ya kustaafu. Hata asipopandishwa daraja hata mara moja, hiyo ni zaidi ya milioni 345 itakayoingia kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, toka kwa mlipaji yuleyule. Kitu kinacholipa kiasi kinachojulikana kwa tarehe zinazojulikana kwa miaka 24 kina jina sokoni: hatifungani ya muda mrefu. Dada yangu ameishikilia bila kujua, na ndiyo mali yake kubwa kuliko zote. Akiba yake yote benki ni milioni 8. Anapolalamika kwamba hataki kuhatarisha pesa zake, anazungumzia ile milioni 8 na kuisahau ile 345.

Shemeji ni kinyume chake. Mapato yake hupanda na kushuka na uchumi. Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walipogoma na maduka kufungwa kwa siku kadhaa, hakuingiza hata senti, na mkopo wa kontena uliendelea kumdai. Mshahara wa muuguzi mwezi huo uliingia kama kawaida. Uchumi ukiyumba, wateja wa shemeji hupungua, mkopo wake hubaki palepale, na hisa alizonunua huenda zikashuka wakati huohuo. Atauza kwa hasara, na si kwa sababu ya woga, ila kwa sababu aliyemkopesha hamsubiri. Anayeuza kwa woga na anayeuza kwa kubanwa wote wamepoteza, lakini yule wa kwanza angeweza kukaa, wa pili hakuwa na njia. Kwa hiyo mtu jasiri wa familia yetu ana uwezo mdogo wa kubeba hatari, na mwoga wetu ana uwezo mkubwa.

Kuwa na uwezo bado si sababu ya kuutumia. Mtu mwenye mabega mapana halazimiki kubeba gunia kama hakuna kinachohitajika kubebwa. Ndiyo maana kuna swali la tatu ambalo watu hulipita: je, una haja ya hatari hiyo? Hapo inabidi tuende kwenye pensheni.

Kikokotoo cha watumishi wa umma huchukua 1/580, kikazidisha kwa miezi ya utumishi, kikazidisha tena kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora. Dada yangu alianza kazi akiwa na miaka 26, kwa hiyo atakuwa na miezi 408. Tuseme mshahara wake wa mwisho, kwa thamani ya shilingi ya leo, utakuwa 1,500,000 kwa mwezi, yaani milioni 18 kwa mwaka. Inakuja pensheni ya mwaka ya kama milioni 12.66. Kwa mgawo wa asilimia 33 wa kanuni za 2022, mkupuo, yaani pesa anayopewa mara moja akistaafu, unakuwa kama milioni 52, na inayobaki ni takribani shilingi 707,000 kwa mwezi. Mgawo wa mkupuo ukiwa mkubwa zaidi, pensheni ya mwezi inapungua zaidi. Mkupuo sitauhesabu. Nimeona ya wengi ikiishia kwenye bati, ukuta na karo za wajukuu, na yeye mwenyewe ameshaniambia wake ni wa kumalizia nyumba.

Atatoka kwenye 1,500,000 hadi 707,000, na hiyo pensheni haipandi yenyewe kila unga unapopanda. Bei zikipanda asilimia 4 tu kwa mwaka, baada ya miaka 18 shilingi inanunua nusu ya ilichonunua mwanzo. Nilimuuliza angehitaji kiasi gani juu ya pensheni ili asiwe mzigo kwa watoto. Alifikiri, akasema 400,000 kwa mwezi, kwa thamani ya leo. Kuilipa hiyo kwa miaka 25, pesa iliyobaki ikiendelea kukua asilimia 3 juu ya mfumuko wa bei, anahitaji kufika miaka 60 akiwa na takribani milioni 84.

Tuiache kando ile milioni 8. Akiba yake ya 200,000 kwa mwezi ni milioni 2.4 kwa mwaka. Akaunti ikimlipa riba inayolingana tu na kupanda kwa bei, baada ya miaka 24 atakuwa na milioni 57 na ushei, kwa thamani ya leo. Ikilipa pungufu ya mfumuko kwa asilimia 1, jambo ambalo si geni kwa akaunti za akiba, atakuwa na milioni 51. Ikikua kwa asilimia 3 juu ya mfumuko, anafika karibu milioni 83, yaani palepale anapopahitaji.

Akikataa kabisa kila kitu kinachoyumba na kubaki kwenye akaunti inayolingana na mfumuko, bado anaweza kufika milioni 84, ila atalazimika kuweka kama 292,000 kila mwezi badala ya 200,000. Hiyo 92,000 ndiyo bei ya woga wake. Akiwa tayari kuilipa kwa miaka 24, ni haki yake na sina neno. Wengi hawaijui kama ipo, kwa sababu hasara ya akaunti ya akiba haina siku inayotangazwa. Hisa ikishuka unaona namba nyekundu kwenye simu. Shilingi ikipungua nguvu unaona tu kwamba nyanya zimepanda, na unamlaumu muuza nyanya.

Msomaji aliyewahi kushiriki mnada wa hatifungani wa Benki Kuu ameshaanza kunipinga, na ana hoja. Kwa nini hisa, wakati hatifungani za serikali za miaka 20 zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 12, mfumuko wa bei nchini ukiwa karibu asilimia 3 au 4? Hiyo ni asilimia 8 juu ya mfumuko, na haja yake ni asilimia 3 tu. Kiwango cha chini cha kuingia ni shilingi milioni 1, na pesa anayo.

Kwa hali ya leo hoja hiyo ni nzito kiasi kwamba inanifanya nipunguze hisa kwenye mpango wake. Mwekezaji wa Ulaya mwenye mshahara wa uhakika kama huu angeambiwa aweke nusu au zaidi kwenye hisa. Mimi dada yangu nilimwambia robo, na sehemu kubwa ya iliyobaki iende kwenye hatifungani. Ila sikumwambia sifuri.

Hatifungani anayoinunua leo inafunga riba ya pesa ya leo peke yake. Akiba atakayoweka mwaka 2035 itakutana na riba za 2035, na hata kuponi, yaani malipo ya riba atakayopokea kila miezi sita, zitatafuta pa kwenda kwa bei ya siku hiyo. Aliyenunua hatifungani ya miaka 20 mwaka 2021 alipewa kuponi ya asilimia 15.49. Aprili 2022, kwa mnunuzi mpya, ikashuka hadi 12.10. Mtu aliyepanga maisha yake yote juu ya 15.49 alijikuta akiba yake mpya inaingia kwenye mlango mwingine. Hakuna aliyeahidi kwamba pengo kubwa kati ya riba na mfumuko litadumu miaka 24.

Kingine, na hiki ndicho kinachonisumbua zaidi: mlipaji ni mmoja. Mshahara wake unatoka serikalini. Pensheni yake inatoka kwenye mfuko wa watumishi wa umma. Akiweka na akiba yote kwenye hatifungani za serikali, mifuko yake mitatu inamkamua ng'ombe mmoja, na yote mitatu inalipa kiasi cha shilingi kilichopangwa. Sisemi serikali itashindwa kulipa. Nasema kuna jambo moja linaloiumiza mifuko yote mitatu kwa pamoja, nalo ni mfumuko wa bei wa ghafla na wa muda mrefu. Mwenye hisa za kiwanda cha saruji au cha bia anamiliki sehemu ya kitu kinachoweza kupandisha bei yake pamoja na nyingine. Haipandishi siku hiyohiyo, na wakati mwingine faida hubanwa kwanza, lakini miaka ikipita ana nafasi ambayo kuponi isiyobadilika haina.

Halafu hatifungani nayo huyumba, ila hakuna anayekuonyesha. Chukua ya miaka 20 yenye kuponi ya asilimia 12, uliyoinunua kwa 100. Soko likianza kudai asilimia 15, mnunuzi atakupa kama 81 tu. Hiyo ni hasara ya asilimia 19 kwenye kitu tunachokiita salama. Ukikaa nayo mpaka iive utalipwa 100 yako, na kwa sababu hukuuliza bei katikati, ulilala vizuri. Nilipomweleza dada yangu hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo tatizo langu ni kuchungulia." Kwa sehemu kubwa, ndiyo.

Hisa zenyewe sitazipamba. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Mwaka 2015 iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa 350. Kufikia 2019 bei ilikuwa chini ya ile 150 ya mwanzo. Miaka kumi ya kusubiri, na ukipiga hesabu ya bei peke yake umerudi nyuma. Aliyenunua kwa 350 alikuwa amepoteza zaidi ya nusu. Aliyebaki, gawio la mwaka 2024 lilikuwa shilingi 65 kwa kila hisa, karibu nusu ya bei ile ya 2009, kwa mwaka mmoja. Usinielewe kwamba kila anayesubiri hulipwa. Vodacom iliuzwa kwa 850 mwaka 2017, na kwa miaka kadhaa baadaye ilikuwa chini ya hapo. Soko la Dar es Salaam ni dogo, kampuni zake zinahesabika, na kwenye baadhi yake unaweza kuweka oda ya kuuza ukasubiri wiki nyingi bila mnunuzi. Kununua na kuuza nako kuna ada, takribani asilimia 2 kila upande kwa mwekezaji mdogo. Ndiyo maana pesa yenye tarehe ya karibu haina biashara huko, hata kama mwenyewe ni jasiri.

Uwezo hupimwa kwa mtihani mmoja rahisi: angusha bei kwenye karatasi kabla soko halijaiangusha. Tuseme akiba ya dada yangu imefika milioni 20, na robo, milioni 5, iko kwenye hisa. Hisa zinaanguka kwa nusu na kubaki chini miaka mitano. Amepoteza milioni 2.5, ambayo ni asilimia 12.5 ya akiba yote, au mwaka mmoja na nusu mwezi wa kile anachoweka. Je, mshahara umeguswa? Hapana. Ada ya mtoto? Iko kwingine. Kustaafu ni lini? Baada ya zaidi ya miaka kumi. Hakuna uamuzi wowote wa maisha uliobadilika. Fanya mtihani huohuo kwa shemeji, milioni 5 zikiwa za mtaji wa mzigo unaofuata, na duka linafungwa.

Lakini mshahara wa uhakika una adui wake, na adui huyo yuko kwenye hati ya mshahara. Sheria inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato, na nawajua wengi wanaoishi palepale kwenye theluthi, mwezi hadi mwezi. Mtu huyo kwa nje ana ajira ya serikali, kwa ndani hana uwezo wa kubeba chochote. Mtoto akilazwa, atauza hisa siku hiyohiyo, au ataenda kwa kausha damu. Na ukiwa na mkopo wa asilimia 16, kuumaliza mapema ni faida ya asilimia 16 isiyo na wasiwasi, ambayo hisa haziwezi kukuahidi. Dada yangu alikuwa na mkopo mmoja uliobakiza miezi saba. Tuliumaliza kwanza. Baada ya hapo tukatenga mishahara ya miezi minne kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT, pamoja na ada ya miaka mitatu ya mwanawe. Hizo hazikuhesabiwa kabisa kwenye mpango wa hisa.

Moyo nao ulibaki vilevile. Hesabu ilimshawishi, haikumtoa hofu, na kumlazimisha robo siku ya kwanza kungetuletea simu ileile ya zamani kwa dalali. Mpango ambao mtu atauacha katikati ni mbaya kuliko mdogo atakaoushika. Kwa hiyo tulianza na sehemu ya kumi: katika kila 200,000, shilingi 20,000 kwenda kwenye hisa, akizipata kupitia mfuko wa pamoja wenye hisa na hatifungani ndani yake, kama ulivyo Mfuko wa Umoja tangu 2005. Ndani ya mfuko wa namna hiyo bei ya kipande, yaani ya sehemu unayomiliki, huyumba kidogo kuliko hisa moja, na kushuka kwa kampuni moja hakuonekani kwa jina. Pesa inakatwa na benki tarehe 28, kabla hajaiona. Bei anaangalia mara mbili kwa mwaka, mwezi wa kuponi zinapoingia, kwa sababu siku hiyo ana habari njema ya kuipokelea nyingine.

Kuongeza toka sehemu ya kumi hadi robo tulikubaliana kusingoje bei zipande. Kungoje zishuke kwanza. Akipita kwenye mporomoko mmoja bila kuuza, tutajua uvumilivu wake ni mkubwa kuliko alivyodhani, na tutapandisha. Akiuza, tutajua sehemu ya kumi ndiyo dari yake, na pengo litazibwa kwa kuweka akiba zaidi, si kwa kumkemea. Sehemu iliyobaki ya makubaliano ni ya mbeleni: kuanzia miaka 55, umri ambao mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari, kile anachopaswa kutumia katika miaka mitano inayofuata kinaondolewa kwenye hisa. Ile hatifungani kubwa inayoitwa mshahara itakuwa imebaki kipande kidogo, na uwezo wake utakuwa umepungua nayo, hata kama kufikia hapo atakuwa amekuwa jasiri kuliko shemeji.

Mwezi uliopita bei ya vipande ilishuka kidogo. Nilijua kabla yake, nikasubiri simu. Alipiga siku tatu baadaye, kuniuliza kama gesi ya kilo 15 huku kwetu nayo imepanda.